Miguu inauma tangu uanze vidonge vya kolestro? Pitia hatua hizi kabla hujaviacha

Nakaa kaunta ya famasi hapa Tanga mjini, na kila wiki lazima aje mtu anishike mkono pembeni aniulize kitu kilekile: "Hivi vidonge vya mafuta ya damu vinanimaliza miguu, niviache?" Wengine hawaulizi hata, wanakuja kuchukua dawa ya presha peke yake, ukiwauliza ile ya kolestro vipi wanakwambia nilishaitupa siku nyingi. Nimeona bora niandike yote sehemu moja, hatua kwa hatua, uyafanyie kazi nyumbani halafu uende kwa daktari wako na kitu cha maana mkononi.

Ninaposema vidonge vya kolestro namaanisha lile kundi la statini. Soma pakiti yako, kama jina la dawa linaishia na "statini" (atovastatini, simvastatini, rosuvastatini, pravastatini) basi hapa ndo kwako.

Nitakuwa namtaja baba yangu mdogo, anakaa Makorora, ana miaka 61, ana presha na kisukari, kila asubuhi anapiga baiskeli mpaka sokoni Ngamiani. Alianzishiwa simvastatini, miguu ikaanza, na yeye ndo alinifundisha kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na maumivu mawili tofauti kwenye miguu ileile akadhani ni moja.

Vitu vya kuandaa

- Pakiti za dawa ZOTE unazotumia, sio ya kolestro tu. Za presha, sukari, vidonda vya tumbo, ARV, dawa za asili, ile uliyopewa juzi kwa ajili ya kifua.
- Kadi ya kliniki au karatasi yenye tarehe uliyoanza kidonge na miligramu zake.
- Daftari dogo na kalamu. Simu pia sawa ila daftari daktari analisoma haraka.
- Kiti cha kawaida kisicho na mikono.
- Majibu ya vipimo vya damu vya mwisho kama unayo, hasa figo na ini.

Kitu kimoja cha kujua kabla ya hatua

Statini kweli inaweza kuumiza misuli, asikudanganye mtu. Ila mwaka 2022 watafiti walikusanya majaribio makubwa 19 ambayo nusu ya watu walipewa statini na nusu walipewa kidonge bandia bila kujua nani kapata nini. Waliomeza statini, watu 27 katika kila 100 walilalamika misuli. Waliomeza kidonge bandia nao ni karibu 27. Tofauti ipo lakini ni ndogo sana, na ilionekana zaidi mwaka wa kwanza. Sasa hii haina maana kwamba maumivu yako ni ya kufikiria, maumivu ni maumivu. Maana yake ni kwamba miguu ya watu wazima inauma kwa sababu nyingi na kidonge ni mojawapo tu, kwahiyo kazi yako ni kumsaidia daktari ajue ipi ni ipi. Ndo maana ya hatua zote hizi.

Hatua ya 1: Angalia hatari kwanza, leo hii

Kabla ya daftari wala nini, jikague haya. Kama lipo hata moja usiendelee kusoma, acha kidonge cha kolestro siku hiyohiyo na uende hospitali, iwe Bombo au kituo chochote chenye maabara kilicho karibu nawe:

- Mkojo umekuwa wa rangi ya kola au ya juisi ya ukwaju. (Kama unatumia dawa za TB mkojo unakuwa wa rangi ya chungwa, hiyo ni kitu kingine na unaijua tangu siku ya kwanza. Nazungumzia rangi nyeusi-kahawia iliyoanza pamoja na maumivu ya misuli.)
- Misuli imelegea kabisa, huwezi kuinuka kitandani au kuinua mikono kuchana nywele.
- Maumivu makali ya misuli pamoja na homa au kutapika au mkojo kupungua sana.

Hizo ni dalili za misuli kuvunjika na kumwaga takataka zake kwenye damu mpaka figo zinaelemewa. Ni nadra mno, inatajwa kwa mtu mmoja katika maelfu mengi, lakini ikitokea saa zinahesabika.

Na kuna moja ambayo haihusiani na kidonge ila watu wanaichanganya: mguu MMOJA umevimba, umekuwa wa moto na kigimbi kinauma ukikibonyeza. Hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Usikande, usisubiri, nenda.

Hatua ya 2: Panga tarehe zako

Andika tarehe nne: siku ulioanza kidonge, siku daktari alipoongeza dozi (kama aliongeza), siku maumivu yalipoanza, na siku ulipoanza jambo lingine lolote jipya. Hilo la nne watu wanaliruka na ndo muhimu. Daktari akikupa kidonge cha kolestro mara nyingi siku hiyohiyo anakwambia na mazoezi fanya, mtu anatoka hapo kesho yake alfajiri yuko barabara ya Raskazone anakimbia baada ya miaka 15 ya kukaa dukani, wiki ijayo mapaja yanauma, lawama inaenda kwa kidonge.

Maumivu ya statini kwa kawaida yanaanza ndani ya wiki 4 mpaka 6 tangu kuanza au kuongezewa dozi. Yanaweza kuchelewa, lakini kama umemeza miaka mitatu bila shida na dozi ni ileile, basi kabla ya kulaumu kidonge uliza nini kimebadilika mwezi huu.

Baba mdogo tulipokaa naye chini tukaandika, ikatoka hivi: simvastatini alianza tarehe 3 mwezi wa pili. Mapaja kuwa mazito, wiki ya tatu. Lakini kigimbi kukaza usiku mpaka anaruka kitandani, nilipombana vizuri akakumbuka ilishaanza kabla hata ya Krismasi, yaani kabla ya kidonge. Mwanzo alikuwa ananiambia "yote yalianza na hiki kidonge" na alikuwa anasema kweli yake, ila tarehe zilisema kingine.

Hatua ya 3: Tambua ni maumivu ya aina gani

Simama mbele ya mtu wa nyumbani umwonyeshe kwa mkono panapouma, yeye aandike. Ukiandika mwenyewe utaandika "miguu" basi, na "miguu" haimsaidii daktari chochote.

Yanayofanana na ya statini: yanakuwa pande zote mbili sawasawa, kwenye misuli mikubwa, mapaja, nyonga, makalio, wakati mwingine vigimbi na mgongo wa chini. Mtu anayaelezea kama uzito, uchovu, kama vile jana ulilima shamba zima. Yapo mchana na usiku, hayaji na kuondoka kwa dakika.

Kukaza kwa ghafla usiku: kigimbi au unyayo unajikunja kama kamba, sekunde au dakika chache, halafu unaachia unabaki na maumivu kesho yake. Statini inaweza kuchangia ila peke yake sio alama yake kuu. Hapa natazama zaidi vidonge vya kukojoza vya presha (haidroklorothayazidi, bendrofluazidi, furosemaidi), vinapunguza maji na chumvi za mwili kama potasiamu. Joto la kwetu hapa, jasho, na wakati wa Ramadhani mtu hanywi mpaka magharibi, vinaongeza. Simvastatini pia humezwa usiku, kwahiyo mtu anameza saa tatu, saa nane kigimbi kinakaza, anaunganisha mawili hayo. Ni rahisi kuyaunganisha lakini saa ya kumeza sio inayoleta mkazo.

Yanayokuja ukitembea na kuisha ukisimama: ukifika umbali uleule kila siku kigimbi kinabana, ukisimama dakika mbili tatu kinaachia, ukiendelea kinarudi. Hii mwambie daktari kwa maneno hayohayo, maana inaweza kuwa mishipa ya damu ya mguuni imeziba, na huyo mtu ndo anakihitaji zaidi kidonge cha kolestro. Inaniuma sana nikikuta mtu wa aina hii ndo kakiacha.

Ganzi, kuwaka moto, kuchomachoma kama sindano kwenye nyayo: hiyo ni mishipa ya fahamu, kwa mwenye kisukari ndo mahali pa kuangalia kwanza.

Viungo vyenyewe, goti au kifundo kimevimba: hiyo sio misuli kabisa.

Hatua ya 4: Jaribio la kiti, kila asubuhi kwa siku 7

Kaa kwenye kile kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, simama na ukae mara tano bila kujishika. Kama unaona hutakuwa salama, mtu asimame karibu nawe. Andika mambo matatu tu: umeweza au hujaweza, maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, na jana ulifanya kazi gani nzito.

Kwanini kiti? Kwa sababu maumivu na udhaifu ni vitu viwili. Mtu mwenye maumivu 6 lakini anasimama vizuri hali yake ni tofauti na mwenye maumivu 3 ambaye mapaja yanakataa kumwinua. Huyo wa pili nataka amuone daktari wiki hii hii asingoje siku saba ziishe.

Wakati unafanya hivi endelea na kidonge kama kawaida (kama hatua ya 1 haina kitu). Ukikiacha katikati daftari lako linapoteza maana.

Ukurasa wa baba mdogo ulikuwa hivi kwa kifupi: kiti ameweza siku zote 7. Mapaja 4, 4, 5, 4, 3, 4, 4, kila siku yapo, mvua au jua. Kigimbi usiku, mara mbili tu ndani ya wiki, na zote mbili ni siku alizoshinda juani sokoni. Ukitazama tu unaona ni vitu viwili vinavyotembea njia tofauti.

Hatua ya 5: Mwaga dawa zote mezani

Hapa ndo nataka ukae sana, maana shida nyingi za misuli nilizoziona kwa macho yangu hazikutoka kwenye statini peke yake, zilitoka kwenye statini ikikutana na dawa nyingine. Simvastatini na atovastatini zinavunjwavunjwa na ini kwa njia fulani, kuna dawa zinaziba njia hiyo, basi kidonge cha miligramu 40 kinakuwa mwilini kama umemeza vingi. Tafuta hizi:

Amlodipini. Dawa ya presha ambayo karibu kila mtu anayo. Ukiwa nayo, simvastatini haitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa siku. Baba mdogo pakiti zake zilivyopangwa mezani: amlodipini 10, haidroklorothayazidi, metformini, simvastatini 40. Nilikaa kimya kwanza. Dawa za presha alikuwa anachukua sehemu moja, ya kolestro akaandikiwa sehemu nyingine bila kubeba zile pakiti, hakuna aliyeziona pamoja. Ndo maana nasisitiza beba zote.

Klarithromaisini na erithromaisini. Hizi ni antibayotiki. Klarithromaisini iko ndani ya zile dawa za mchanganyiko za kuua bakteria wa vidonda vya tumbo, unameza siku 10 au 14, na watu wananunua wenyewe dirishani kila siku. Klarithromaisini na simvastatini havikai pamoja kabisa, na kwa atovastatini daktari lazima ajue ili apunguze dozi au asimamishe kwa muda. Kawaida statini inasimamishwa kwa zile siku za antibayotiki halafu inarudi, lakini sema hilo KABLA ya kumeza, mwambie anayekuuzia "natumia kidonge cha kolestro".

Dawa za fangasi za kumeza kama itrakonazo, ketokonazo na flukonazo. Za kupaka hazina neno.

ARV zenye ritonaviri ndani yake. Kama uko kwenye TLD ya kawaida shida hii haikuhusu, ila kama umehamishiwa dawa za ngazi ya pili waambie kliniki kuhusu statini, usifiche kwa sababu ni kliniki nyingine.

Kolkisini ya gauti, na jemfibrozili ambayo nayo ni ya mafuta ya damu.

Kwenye chakula ni balungi. Juisi ya balungi kwa wingi inaziba ileile njia ya ini, kwahiyo kama uko kwenye simvastatini achana nayo. Machungwa matamu ya kawaida ya Muheza kula tu, hilo naulizwa kila msimu. Na zile dawa za asili "za kusafisha mafuta" ambazo hazijaandikwa ndani kuna nini, weka mezani nazo. Zile zenye mchele mwekundu uliochachushwa zina kitu ambacho ni statini yenyewe kwa jina lingine, utakuwa unameza mara mbili.

Hatua ya 6: Nenda kwa aliyekuandikia, na useme hivi

Usiingie ukasema "dawa imenishinda", daktari ana watu 40 nje, atakubadilishia tu au atakwambia vumilia. Sema kwa mpangilio: nilianza tarehe fulani dozi fulani, maumivu yalianza baada ya wiki ngapi, yako mapajani pande zote mbili (au popote yalipo), kiti naweza au siwezi, dawa zangu zote hizi hapa. Dakika moja inatosha. Halafu muulize:

1. "Dozi hii na dawa zangu nyingine zinaenda pamoja?" 
2. "Nipime CK?" Hiki ni kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli inavuja. Sio kila mtu anakihitaji, lakini ukiwa na maumivu mapya au udhaifu ni haki kukiuliza. Siku tatu kabla usifanye mazoezi mazito, na kama ulichomwa sindano ya makalioni juzi mwambie, maana sindano ya msuli nayo inapandisha CK na mtu anaweza kutishika bure.
3. "Kuna kitu kingine kinaweza kuleta hii?" Hapa ndo zinakuja figo, tezi ya shingoni ikiwa inafanya kazi chini ya kiwango, vitamini D kuwa chini, potasiamu, sukari. Tezi ikilala inaumiza misuli na pia inapandisha kolestro, kwahiyo mtu anaweza kupewa statini kutibu kitu ambacho mzizi wake ni tezi.
4. "Kwangu mimi, nikikaa bila kidonge wiki kadhaa kuna hatari gani?" Aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo au kuwekewa kifaa kwenye mshipa wa moyo jibu lake sio sawa na la mwenye kolestro tu. Ndo maana siwezi kukujibu mimi kaunta.

CK ikirudi, linganisha na kiwango cha juu kilichochapwa kwenye karatasi ya maabara hiyohiyo. Ikiwa chini ya mara nne ya kiwango hicho na wewe una nguvu zako, daktari ana nafasi ya kupunguza, kubadilisha au kusubiri akiangalia. Ikizidi mara nne kwa kawaida statini inasimamishwa kwanza. Ikizidi mara kumi hilo ni la haraka, figo zinaangaliwa siku hiyohiyo. Ya baba mdogo ilikuwa 410 na mwisho wa kiwango ulikuwa 190, kama mara mbili hivi. Potasiamu yake ilikuwa 3.2, chini ya 3.5 inayotakiwa.

Hatua ya 7: Ukipewa mapumziko, yafanye vizuri

Njia ya kujua kama kidonge ndo mkosaji ni kukisimamisha kwa wiki 2 mpaka 4 kwa ruhusa ya daktari, kuangalia, halafu kurudisha. Kurudisha ndo nusu ya jaribio. Mtu akiacha akapata nafuu akaishia hapo hajajua kitu, manake maumivu mengi ya misuli yanapoa yenyewe ndani ya mwezi hata usipofanya lolote.

Endelea na daftari lilelile la kiti na namba. Maumivu ya statini yanatakiwa kupungua ndani ya wiki hizo. Yakibaki vilevile baada ya wiki 4, basi sio kidonge, tafuteni kingine.

Baba mdogo alisimamishiwa wiki 3, na daktari alibadilisha ile ya kukojoza siku hiyohiyo. Siku ya 10 mapaja yalikuwa 1, siku ya 14 sifuri. Kigimbi cha usiku kilimkamata mara mbili tena akiwa hana statini hata kidogo mwilini, halafu baada ya potasiamu kukaa sawa kikaacha. Wiki ya nne akaanzishiwa atovastatini 20, ambayo na amlodipini haina ule mgongano mkubwa. Wiki sita baadae mapaja yako 0 au 1, CK imerudi ndani ya kiwango, na mafuta mabaya (kwenye karatasi wanaandika LDL) yametoka 4.2 kushuka 2.4. Baiskeli anapiga.

Kama hata ya pili ikikusumbua bado kuna njia za kuzungumza na daktari: dozi ndogo zaidi, rosuvastatini ndogo ya kumeza siku moja ndio siku moja hapana, pravastatini, au ezetimaibu ambayo sio statini kabisa. Watu wengi walioshindwa na statini ya kwanza wanaweza kukaa na nyingine.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kumeza nusu kwa siri. Mtu anakata kidonge mwenyewe, mafuta hayashuki, daktari asiyejua anaongeza dozi. Sasa una dozi kubwa kwenye karatasi na siku ukimeza yote sawasawa ndo miguu inakamatika kweli. Kama umekata, sema umekata.

Kununua diklofenaki. Kwa mwenye presha na kisukari diklofenaki kila siku inaumiza figo na inapandisha presha, na figo zikilegea statini nyingine zinabaki mwilini kwa wingi zaidi. Kama lazima utulize, parasetamoli kwa kiwango kilichoandikwa, siku chache.

Kuanza mazoezi makali wiki ileile ya kidonge. Mazoezi sawa, tembea, baiskeli sawa, ila panda polepole ili usije ukachanganya maumivu ya mazoezi na ya dawa.

Kumpa jirani kidonge chako "kwa sababu na yeye ana mafuta". Wewe huna amlodipini, yeye anayo. Na mwanamke mwenye mimba au anayetafuta mimba hiki kidonge lazima kwanza aongee na daktari, usimpe.

Ikigoma: mambo yanayojitokeza

*Kigimbi kimekaza saa nane usiku, nifanye nini sasa hivi?* Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako mpaka kigimbi kivutike, shikilia nusu dakika, rudia. Au simama, kanyaga sakafu kwa unyayo mzima. Kila jioni kabla ya kulala simama mbali kidogo na ukuta, egemea kwa mikono, visigino chini, hesabu mpaka 30 mara tatu. Maji kunywa mchana usingoje usiku. Madafu yana potasiamu, lakini mwenye shida ya figo asiyafanye dawa bila kuuliza.

*CK iko sawa kabisa lakini bado naumia.* Inatokea, kipimo kizuri hakimaanishi unajidai. Kinamaanisha misuli haivuji na una muda wa kwenda taratibu na hatua ya 7.

*Kituo changu hakina CK.* Vituo vingi vidogo havina. Jaribio la kiti, rangi ya mkojo na kipimo cha figo vinampa daktari pa kuanzia, na kama una udhaifu omba rufaa kwenda kwenye maabara kubwa.

*Hatua zote nimefanya, mguu unauma upande mmoja tu.* Rudi hatua ya 3. Upande mmoja tu ni nadra kuwa statini. Mgongo, nyonga, goti au mshipa ndo vya kuangaliwa.

*Nilishaacha mwenyewe miezi miwili, naogopa kumwambia daktari.* Mwambie, hata kwa sentensi moja, "niliacha tarehe fulani kwa sababu ya miguu." Usianze tena mwenyewe na zile za zamani kabatini kabla hajaangalia kama kuna dawa mpya uliyoongezewa katikati, na beba lile daftari.